Alifaulu Kipimo cha Macho, Akaitwa Mvivu

Siku ile wapimaji wa macho walipofika shuleni, binti wa mama mmoja wa Morogoro alisimama kwenye mstari pamoja na wenzake wa darasa la tatu. Zamu yake ilipofika alifunika jicho moja, kisha la pili, akaonyesha kwa mkono upande ambao kila herufi ilielekea, mpaka mstari wa chini. Mpimaji akaandika kwenye orodha yake: jicho la kulia 6/6, jicho la kushoto 6/6. Macho mazima.

"Kabla ya siku ile nilikuwa na mashaka," mama huyo alituambia tulipoketi naye barazani kwake. "Nilikuwa najiuliza, mbona mtoto huyu anakimbia kitabu? Labda ana tatizo. Lakini walipompima wakasema ni mzima, mashaka yangu yakaisha. Nikajua ni uvivu tu. Na tangu siku hiyo nikawa mkali."

Mwalimu naye akawa mkali. Katika daftari la binti huyo, ambalo mama amelitunza hadi leo, tuliona maneno ya wino mwekundu kurasa kwa kurasa: "Hamalizi kazi." "Ongeza bidii." "Mzembe." Insha zilianza kwa mwandiko mzuri katika mistari mitatu ya kwanza, kisha herufi zikaanza kupanda na kushuka, na kufika nusu ya ukurasa zilikuwa zimekatika.

Ilipita zaidi ya mwaka mmoja kabla haijajulikana kwamba macho ya mtoto huyo hayakuwa sawa, na kwamba hayakuwa sawa hata siku ile alipofaulu kipimo. Aliyempima hakudanganya wala hakuzembea. Kipimo alichotumia hakikuwekwa kwa ajili ya tatizo alilokuwa nalo binti huyo. Kwa ombi la mama tunaacha kutaja majina, lakini kisa chenyewe tunakieleza kwa ukamilifu, kwa kuwa tunaamini wapo watoto wengi wa namna hiyo katika nyumba za wasomaji wetu.

Kipimo cha ukutani

Ubao wa kupimia macho unaotumika shuleni unatokana na kazi ya daktari Mholanzi, Herman Snellen, aliyeutoa mwaka 1862. Kwa watoto wetu hutumika zaidi ule wenye herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali, ili hata asiyejua kusoma aweze kuonyesha kwa vidole mikono ya E inakoelekea: juu, chini, kushoto au kulia.

Mtoto husimama umbali wa mita 6. Ikiwa kutoka hapo anaona mstari ambao jicho zima huuona kutoka mita 12, huandikiwa 6/12. Herufi za mstari huo zina urefu wa kama milimita 17, yaani karibu upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Mipango mingi ya shule humpeleka mbele mtoto ambaye jicho lake lolote, hata liwe moja tu, limeshindwa mstari wa 6/12. Mingine huwa mikali zaidi na hutumia mstari wa 6/9.

Kazi hii yaweza kufanywa na mwalimu aliyefundishwa vizuri, na sehemu nyingi hufanywa na walimu. Lakini ina mitego yake. Watoto wakisubiri zamu mbele ya ubao uleule, wa kumi huwa amekwisha kukariri: juu, kulia, chini, kushoto. Mtoto akijifunika jicho kwa vidole huchungulia katikati yake. Apaswa kutumia kiganja kilichokunjwa kama kikombe, bila kukandamiza jicho. Mtoto akikunja uso na kufinya macho, ule ufa mwembamba wa kope humsaidia kuona vizuri kuliko kawaida yake, na hivyo anafaulu mstari ambao hapaswi kuufaulu. Tena ubao uliotolewa nakala kwenye mashine ya ofisini huenda ukapungua ukubwa, na hapo vipimo vyote huharibika.

Hata hivyo, kipimo hiki kikifanywa vizuri humnasa kwa urahisi mtoto asiyeona mbali. Huyo ndiye mtoto ambaye jicho lake ni refu kidogo kutoka mbele kwenda nyuma, hivyo picha ya kitu cha mbali huangukia mbele ya pazia la jicho badala ya juu yake. Anayehitaji lenzi ya -2.00 huona wazi mpaka nusu mita tu. Kitabu anakiona, ubao hauoni. Akisimama mita 6 hana ujanja wowote wa kumwokoa, na kwa hiyo ubao wa Snellen humfichua mara moja.

Binti wa Morogoro alikuwa kinyume cha hapo.

Jicho linalojikaza

Jicho la binti huyo ni fupi kuliko inavyotakiwa. Katika jicho la namna hiyo picha huishia nyuma ya pazia, kama mshale uliopita shabaha. Watu husema mtoto huyo "haoni karibu", nasi tutatumia maneno hayohayo, lakini yanapotosha kidogo. Mtoto huyu huweza kuona mbali na huweza kuona karibu pia. Tatizo lake ni gharama anayolipa.

Ndani ya jicho kuna lenzi laini na msuli mdogo unaoifanya iongeze nguvu. Kipimo cha nguvu hiyo huitwa diopta. Mtoto mwenye macho ya kawaida akitazama mti ulio mbali, msuli huo hupumzika. Akifungua kitabu, sentimita kama 33 kutoka usoni, msuli hufanya kazi ya diopta 3. Akiinua macho, unapumzika tena.

Sasa mchukue mtoto mwenye upungufu wa diopta 5. Ili auone tu ule mti, msuli wake hufanya kazi ya diopta 5. Akifungua kitabu lazima aongeze 3 nyingine, ziwe 8. Hapati nafasi ya kupumzika tangu anapoamka mpaka anapolala. Ni sawa na watoto wawili wanaotembea kwenda shule, mmoja mikono mitupu na mwingine na ndoo ya maji kichwani. Kwa hatua mia za kwanza hutaona tofauti kati yao.

Na msuli wa mtoto una nguvu kubwa. Mwenye umri wa miaka minane au tisa anaweza kuukaza kwa dakika chache hata akasoma mstari wa 6/6. Kipimo cha shuleni huchukua dakika chache tu. Ndiyo sababu binti yule alifaulu. Lakini hesabu na insha hazichukui dakika chache.

"Nilikuwa namwambia, wewe unaona kunguru juu ya mnazi, utashindwaje kuona herufi?" mama yake alituambia. Maneno hayo tumeyasikia katika nyumba nyingi. Kunguru juu ya mnazi hathibitishi kwamba macho ni mazima.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila mtoto mwenye hali hii lazima avae miwani. Watoto wachanga wengi huzaliwa na upungufu mdogo wa aina hiyo, nao hupungua wanapokua. Upungufu wa diopta moja kwa mtoto wa miaka saba ni jambo la kawaida na msuli huubeba bila shida. Wasiwasi huanza unapofika diopta 3 au 4 na kuendelea. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2016 uliwalinganisha watoto wa miaka minne na mitano, wenye upungufu wa diopta 3 hadi 6 usiorekebishwa na wasio nao. Wenye upungufu, hasa wale walioshindwa kuona sawasawa kwa karibu, walikuwa nyuma katika stadi zinazotangulia kusoma, kama vile kutambua herufi. Walikuwa bado hawajaanza hata darasa la kwanza.

Shule zaweza kuongeza hatua moja ndogo ili kuwanasa watoto hawa. Mtoto aliyekwisha kufaulu mstari wa 6/9 au 6/6 huvalishwa miwani yenye lenzi za +2.00, kisha huambiwa asome tena ubao uleule. Mtoto wa kawaida atalalamika kwamba herufi zimekuwa ukungu, na atashindwa. Huyo ni salama. Lakini yule anayeendelea kusoma vizuri akiwa na lenzi hizo, hata pengine akasema anaona vizuri zaidi, ndiye wa kupelekwa mbele. Lenzi imembebea sehemu ya ndoo yake. Kipimo hiki si cha uhakika kamili, na baadhi ya watoto bado watapita. Ila ni afadhali kuliko kutopima kabisa, nacho huongeza dakika moja tu.

Ubao, kitabu, au vyote viwili

Aliyemwokoa binti huyu alikuwa mwalimu mpya aliyehamia shuleni alipofika darasa la nne. Mwalimu huyo hakuwa na chombo chochote. Alichofanya ni kuangalia mambo matatu kwa majuma mawili, nasi tunayaeleza kwa sababu mzazi yeyote anaweza kuyafanya.

Kwanza alitazama ni wapi mtoto anashindwa. Kila alipomwita asome ubaoni, maneno yaleyale yaliyokuwa kitabuni, alisoma. Alipomrudisha kwenye kitabu, alikwama. Kwa asiyeona mbali huwa kinyume: kitabu ni chepesi, ubao ni kiza, naye huonekana akinakili kutoka daftari la jirani na kupigwa kwa kosa la kuibia.

Pili alitazama saa. Asubuhi binti yule alisoma aya moja bila shida. Baada ya mapumziko, aya hiyohiyo ilimshinda. Alianza kusugua macho, kuruka mistari na kufuata kwa kidole. Mchana alilalamika kichwa kuuma juu ya nyusi. Siku za Jumamosi na Jumapili, mama yake alikumbuka baadaye, kichwa hakikuuma kabisa. Nyumbani walikuwa wamehitimisha kwamba ni kichwa cha kukwepa shule.

Tatu alimwuliza maswali kwa mdomo. Alipomsomea hadithi, binti alijibu kila swali, akaeleza na mambo ambayo wenzake hawakuyaona. Kwa mtoto kama huyo, akili ipo na masikio yapo. Njia ya kitabu ndiyo iliyoziba.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo watu hulichanganya. Wapo watoto wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma unaotokana na jinsi ubongo unavyounganisha sauti na herufi. Nao pia hujibu vizuri kwa mdomo. Lakini mtoto huyo hukwama ubaoni na kitabuni vilevile, asubuhi na mchana vilevile, na ukimwandikia neno kubwa kama bango bado atalikosea. Disleksia haitokani na macho, na hakuna miwani inayoiponya, iwe ya kawaida au ya vioo vya rangi. Mtoto huyo anahitaji kufundishwa kwa njia nyingine, taratibu, sauti kwa sauti. Hata hivyo naye apimwe macho kikamilifu kwanza. Kuwa na disleksia hakumzuii mtu kuwa pia na macho mabovu, na si haki kumfundisha mtoto kwa miaka miwili kwa njia maalumu kumbe kurasa zenyewe hazioni.

Mwalimu yule alimwita mama. "Mama, naomba usimpige tena kwa habari ya kusoma," alimwambia. "Kwanza tumpeleke hospitali apimwe vizuri." Mama akajibu kwamba mtoto alikwisha kupimwa, na cheti kipo. "Alipimwa kuona mbali," mwalimu akasema. "Kusoma hakufanyiki mbali."

Jicho moja linapomficha mwenzake

Kabla ya kuendelea na safari ya hospitali, tutaje mtoto mwingine anayepita bila kuonekana. Ni yule mwenye jicho moja zima na jingine bovu. Huyu haoneshi dalili yoyote nyumbani wala darasani. Jicho zima hufanya kazi ya yote mawili, na ubongo wake polepole huacha kulisikiliza lile bovu. Hali hiyo wataalamu huiita ambliopia, na watu wa kawaida huiita jicho vivu.

Jicho hilo huwa halina uvivu wowote. Ubongo umeacha kulitumia, na kadiri miaka inavyokwenda huwa vigumu kuufundisha upya. Matibabu ni miwani inayofaa, na mara nyingi kulifunika jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili lile jingine lilazimike kufanya kazi. Hufanikiwa zaidi kwa watoto walio chini ya miaka saba, ingawa hata mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili anaweza kupata nafuu.

Kwa sababu hiyo, mtoto hupimwa jicho moja moja. Nyumbani mama anaweza kufunika jicho moja la mtoto mdogo kama mchezo, kisha jingine. Ikiwa mtoto anatulia likifunikwa la kushoto, lakini analia na kuusukuma mkono likifunikwa la kulia, yaelekea jicho la kulia ndilo pekee analolitegemea. Asingoje kuanza shule.

Nani apelekwe kwa uchunguzi kamili

Upimaji wa shuleni ni kama kichujio. Huwatenganisha watoto tu, wala hausemi mtoto ana nini. Aliyeshindwa asinunuliwe miwani sokoni, bali apelekwe kwa mtaalamu. Na wapo watoto ambao wapelekwe moja kwa moja, hata kama wamefaulu ubao wa ukutani au hawajaupima kabisa.

Wa kwanza ni mtoto ambaye mboni yake huonekana nyeupe, kwa macho ya kawaida au katika picha. Huenda ni mtoto wa jicho, na huenda ni saratani ya jicho. Huyu haongojewi hata juma moja. Hospitali kubwa kama KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam zina madaktari wa macho wanaowahudumia watoto.

Wa pili ni mwenye makengeza, yawe ya wakati wote au yanayojitokeza akichoka au akitazama karibu. Makengeza ya ndani yanayoanza kati ya miaka miwili na mitano mara nyingi yana upungufu wa kutoona karibu nyuma yake, na miwani peke yake huweza kuyanyoosha. Usikubali kuambiwa kwamba yatakwisha akikua.

Wa tatu ni mtoto aliye na hali inayojulikana kuandamana na matatizo ya macho: aliyezaliwa njiti, mwenye uziwi, mwenye mtindio wa ubongo, mwenye ugonjwa wa Dauni. Mtoto mwenye ualbino naye awe hapa. Pazia la jicho lake halikukamilika kukua, macho yake hutikisika na mwanga humwumiza. Miwani haitampa uoni kamili, lakini mara nyingi humwongezea, na kioo cha kukuzia maandishi pamoja na kukaa mbele darasani humfanya aweze kusoma pamoja na wenzake.

Wa nne ni mtoto ambaye mzazi wake au ndugu yake alikuwa na makengeza au alivaa miwani mizito tangu utotoni. Na wa tano ndiye binti wetu: mtoto ambaye kusoma kwake kuko nyuma kuliko akili yake, anayeumwa kichwa siku za shule, anayekimbia kitabu, au ambaye shule inafikiria arudie darasa. Mtoto yeyote asirudishwe darasa, wala asiandikwe kuwa ana ulemavu wa kujifunza, kabla ya kupimwa macho kikamilifu.

Siku ya matone

Mama na binti walifika kliniki ya macho saa mbili asubuhi. Mtaalamu alianza kwa ubao uleule, na binti akasoma tena 6/6. "Moyo ulinishuka," mama alisema. "Nikajiona nimepoteza nauli." Lakini mtaalamu hakuishia hapo. Alimpa kadi ndogo ya maandishi aishike karibu na kumwambia aendelee kusoma. Baada ya dakika mbili jicho la kulia likaanza kuingia ndani kidogo kuelekea puani.

Ndipo akamtia matone ya dawa iitwayo saiklopentoleti, mara mbili, kwa kupishanisha dakika chache. Dawa hiyo huulegeza ule msuli wa ndani, usiweze kujikaza wala kuficha lolote. Kwa macho meusi kama yetu huchukua nusu saa au zaidi kufanya kazi sawasawa, hivyo mzazi asikasirike akiambiwa angoje. Matone huchoma kidogo, mboni hupanuka, mwanga huumiza, na maandishi huwa ukungu mpaka kesho yake. Mtoto asipelekwe shule siku hiyo.

Kisha mtaalamu akamulika kila jicho kwa taa ndogo iitwayo retinoskopu, akiangalia jinsi mwanga unaorudi kutoka ndani unavyotembea, huku akibadilisha lenzi mbele yake mpaka mwendo ule ukome. Hakumwuliza mtoto swali lolote. Huo ndio uzuri wa kipimo hiki: kinaweza kufanywa kwa mtoto mchanga, kwa asiyesema, na kwa mtoto mwoga anayejibu kile anachodhani wakubwa wanataka kusikia. Mwisho akachunguza sehemu ya nyuma ya jicho ili kuhakikisha hakuna ugonjwa.

Majibu yalikuwa +5.00 jicho la kulia na +4.50 la kushoto. Msuli ulipolegea, binti aliyesoma 6/6 asubuhi hakuweza kuona hata mistari ya katikati ya ubao.

Kama mtoto wako anapimwa kwa ajili ya miwani yake ya kwanza na hajatiwa matone, una haki ya kuuliza kwa upole kwa nini. Bila matone msuli hudanganya, na mtoto asiyeona karibu huweza kupewa miwani hafifu mno, au kuambiwa haihitaji kabisa.

Majuma ya kwanza ya miwani

Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa, na mama huyu alikaribia. Miwani ilipokuja binti aliivaa siku mbili, kisha akaivua. "Alisema haoni mbali nayo. Nikawaza, si ndiyo yaleyale? Uvivu umerudi kwa mlango mwingine."

Lakini binti alisema kweli. Msuli uliozoea kujikaza kwa miaka tisa haukubali kulegea mara moja. Mtoto akivaa lenzi huku msuli bado umejibana, nguvu zinakuwa mbili, na vitu vya mbali huwa ukungu. Hali hiyo hupungua kwa majuma machache akivaa miwani kutwa nzima. Kwa sababu hiyohiyo mtaalamu mara nyingi huagiza lenzi pungufu kidogo kuliko alichopima, kisha huongeza baadaye. Mama alirudi kliniki akaelezwa hayo, na mwalimu akaambiwa. Juma la nne binti aliacha kuvua miwani mwenyewe.

Kwa asiyeona mbali mambo ni tofauti. Yeye huvaa miwani na papo hapo huona majani juu ya mti. Ndiyo maana furaha yake huonekana siku hiyohiyo, na huyu mwingine hudhaniwa kuwa hataki kusaidiwa.

Wala miwani haikumfundisha binti kusoma. Ilimwondolea ndoo kichwani, lakini safari aliyokosa ilikuwa palepale. Alikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima. Mwalimu alimrudisha kwenye silabi, na mama akawa anasoma naye robo saa kila jioni kabla ya kupika. Katika upimaji wa darasa la nne alipata alama za wastani. Kichwa kiliacha kuuma mwezi wa pili.

Barua iliyobaki mkobani

Jambo la mwisho ni kuhusu karatasi. Shule ikimpima mtoto na kumkuta na tatizo, humwandikia mzazi barua ya kumtaka ampeleke hospitali. Katika utafiti uliofanywa Trans Nzoia nchini Kenya na kutangazwa mwaka 2018, watoto walipimwa na walimu wao. Katika kundi lililotumia barua ya kawaida, kati ya kila watoto 100 waliokutwa na tatizo, ni 22 tu waliofika hospitali. Katika kundi jingine, walimu walipima kwa simu, wazazi wakaonyeshwa picha ya jinsi mtoto wao anavyoona na kukumbushwa kwa ujumbe wa simu. Waliofika hospitali hapo walikuwa 54. Hata hapo, karibu nusu hawakufika.

Kwa hiyo shule ya mtoto wako ikipima macho, mwulize jioni hiyohiyo, na ufungue mkoba mwenyewe. Kama kuna barua, ipeleke. Kama hakuna barua na mtoto bado anakimbia kitabu, usiihesabu kuwa ushahidi dhidi yake.

Tulimwuliza binti, ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja, kwa nini hakuwahi kusema kwamba herufi zinamchezea. Alitutazama kwa mshangao kupitia miwani yake. "Nilijua zinamchezea kila mtu," alisema. "Nilijua wenzangu ni wavumilivu tu."

Mama yake alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akatuambia kwamba jioni ya siku ile ya matone, mtoto akiwa amelala na mboni zimepanuka, alitoa daftari lile la wino mwekundu na kulisoma lote. Asubuhi alimwomba mwanawe msamaha. "Hakulia," alisema. "Aliniuliza tu kama fimbo ile iliyo juu ya kabati nitaitupa. Nikaichukua nikaikokea moto wa chai."